Ndoto ni ya Aliyeiota

Katika nyumba zetu nyingi, asemaye asubuhi «nimeota» hupewa jibu kabla hajamaliza kusimulia. Mmoja ameota anakula nyama aliyopewa na mtu anayemfahamu, naye huambiwa papo hapo kwamba amelishwa uchawi usiku. Kisha hutafutwa mtu huyo aliyetoa nyama. Mara nyingi ni bibi mzee asiye na mtetezi, au mtoto yatima anayelelewa nyumbani humo. Sote tumewaona watoto waliofukuzwa kwa njia hiyo, wanaolala sokoni. Katiba yetu ya mwaka 2006, katika kifungu cha 41, inakataza kumtuhumu mtoto uchawi na kuagiza kwamba sheria iadhibu kosa hilo. Hata hivyo hukumu nyingi za namna hiyo huanzia jikoni, kwa ndoto moja iliyofasiriwa haraka mno.

Kwa sababu hiyo wengine hutushauri tusisimuliane ndoto kabisa. Sisi hatukubaliani nao. Ndoto isiyosimuliwa kwa rafiki hupelekwa kwa mfasiri wa kulipwa, au humkaa mtu kifuani kwa miezi. Na tena jambo hili si geni katika Kanisa la nchi yetu: wanajamaa waliokusanyika Katanga pamoja na Padri Placide Tempels katika miaka ya 1950 walizipa ndoto nafasi kubwa katika maisha yao ya pamoja. Tunachopendekeza hapa ni kitu kidogo kuliko malezi yao: watu sita au wanane wanaoaminiana, saa moja na nusu, ndoto moja tu, wala pasiwepo mfasiri.

Utaratibu wenyewe tumeuchukua kwa Montague Ullman, daktari wa akili wa Marekani, ambaye tangu miaka ya 1970 aliwafundisha watu wasio madaktari kusikilizana ndoto katika makundi madogo. Mwenye ndoto huisimulia kama alivyoiona, bila kueleza maana. Wenzake humwuliza maswali ya kuiona ndoto vizuri tu. Baadaye yeye hunyamaza, nao huichukua kana kwamba wao ndio walioiota, kila mmoja akisema yale ambayo yeye mwenyewe angeyahisi. Kisha neno humrudia mwenye ndoto. Hujibu anachotaka, huacha asichotaka, na aweza kusimamisha mazungumzo wakati wowote. Hapo ndipo huulizwa, akikubali, juu ya siku zilizotangulia ndoto.

Tulijifunza uzito wa mpango huo siku dada mmoja wa kundi letu alipotusimulia yake. Ametupa ruhusa kuiandika, nasi tumebadili mambo machache ili asitambulikane. Aliota yumo jikoni mwa bibi yake aliyefariki. Shangazi yake akampa sahani ya nyama. Akala, lakini tonge likakataa kushuka. Akataka kutoka nje, akaona mlango hauna komeo upande wa ndani.

Kaka mmoja alishtuka, akasema: «Dada, huoni kwamba shangazi yako anakutafuta?» Sentensi hiyo ina umbo la swali, lakini ndani yake kuna hukumu. Ndivyo walivyofanya ndugu za Yosefu mwana wa Yakobo. Walimwuliza kama kweli atawatawala, nao hawakungoja jibu. Mwisho wa maswali yao ulikuwa vipande 20 vya fedha. Dada yetu naye alianza kumtetea shangazi yake: ni mtu mwema, humsaidia, huenda Misa. Hiyo ndiyo alama tuliyojifunza kuitambua. Mwenye ndoto anapoanza kujitetea, au kumtetea mtu mwingine, basi amehukumiwa, hata kama sauti ya mwulizaji ilikuwa ya upole.

Kiongozi aliomba turudi nyuma. Mama mmoja akauliza: «Nyama hiyo ilikuwaje?» Dada akafikiri kidogo, akajibu kwamba ilikuwa imepikwa vizuri, tena ilikuwa nyingi kupita kiasi, na kwamba shangazi alisimama akimtazama mpaka amalize. Hakuwa ametaja hayo mwanzoni. Swali la heshima hufanya hivyo: humwongezea mwenye ndoto la kusema. Mwingine akauliza alijisikiaje mlangoni. «Sikuogopa,» akasema. «Nilikuwa na aibu.» Sisi sote tulikuwa tumedhani ni hofu.

Zamu yetu ilipofika, mmoja alisema kama angeota yeye, sahani hiyo ingemkumbusha deni. Mwingine alisema angemlilia bibi, kwa kuwa jikoni mwake hakuna aliyehesabiwa tonge. Yule kaka wa kwanza alijaribu tena: «Kama ingekuwa ndoto yangu, ningejua nimerogwa.» Tulicheka kidogo, naye pia, maana ilikuwa hukumu ileile iliyovikwa kanzu nyingine. Afadhali aseme: «ningeogopa». Hofu ni yake, anaweza kuitoa mbele yetu. Uchawi ungemwangukia mtu ambaye hayupo.

Mwishoni kiongozi akamwuliza dada siku zile zilikuwaje kwake. Siku tatu kabla ya ndoto alikuwa amekwenda kwa shangazi kuomba minervali ya chuo kikuu. Shangazi alikubali kulipa yote, ila ahamie kwake na kumsaidia kuuza sokoni kila jioni. Alikuwa amekwisha kusema ndiyo. Alipofika hapo alinyamaza kwa muda mrefu, na vigumu sana kwetu ilikuwa kunyamaza pamoja naye. Sita kati yetu tulikuwa tumekwisha kuona maana, au tulidhani tumeiona. Hakuna aliyesema. Kisha yeye mwenyewe akatamka kwamba anachokiona ni mlango: amekubali kuingia bila kuuliza atatoka lini.

Je, hiyo ndiyo maana ya ndoto ile? Hatuwezi kuthibitisha, wala si kazi ya kundi kuthibitisha. Yeye aliitambua kuwa yake, basi. Kesho yake angeweza kuona jambo jingine ndani yake, na haki hiyo ingekuwa yake vilevile. Ndiyo sababu hatukubali pia desturi ya kumkatiza mwenye ndoto kwa sala ya kumfungua kabla hajamaliza. Tunasali, lakini baadaye, na tunamwuliza kwanza anataka tumwombee nini.

Kuna ndoto ambazo kundi halipaswi kuzishika. Katika sehemu zetu wako vijana wanaorudishiwa usiku tukio lilelile walilolipitia vitani, jinsi lilivyotokea, mara kadhaa kwa juma, wakiamka na kelele na kuogopa kulala tena. Hapo maswali, hata yale ya heshima, humfanya alipitie tena mbele ya watu. Tunamwambia asimame, tunamsindikiza kwa mtu aliyesomea kazi hiyo, katika kituo cha afya au kwa mshauri wa parokia anayefahamu njia ya kumfikisha huko. Na yaliyosemwa chumbani hayatoki, hata kwa wazazi, hata kwa nia njema.

Dada yetu alirudi kwa shangazi Jumamosi iliyofuata. Hakumsimulia ndoto. Aliuliza kama kazi ya soko ingekuwa siku tatu kwa juma, na kama baada ya mwaka wa kwanza wangeweza kuzungumza tena juu ya makao. Shangazi alikasirika kidogo, akafikiri, akakubali siku nne.