"Mbona mimi nimelipwa?" Ndiyo mtego wenyewe

Jumamosi kikundi chetu cha kuweka na kukopa kilitaka kuhamishia akiba yote kwenye "uwekezaji" wa simu: unaweka laki moja, baada ya mwezi unatoa laki mbili. Mwenzetu mmoja alionyesha muamala wa malipo yake, watu wakapiga makofi. Nikaomba nafasi ya kuongea. Nawawekea hapa niliyosema.

Nilisema: sibishi, dada kalipwa kweli. Ila aliyemlipa ni nani? Tupige hesabu. Mwezi wa kwanza wanaingia watu 10, inapatikana milioni moja. Mwezi wa pili wanadai milioni mbili. Hakuna duka wala shamba, kwa hiyo hela inatoka kwa watu 20 wapya. Hao 20 nao wanadai milioni nne, wanahitajika 40. Kisha 80, kisha 160. Mwezi wa kumi na moja wanatakiwa wapya 10,240. Mtaa wetu una watu hao?

Sasa angalieni hapa. Waliovuna kabla yao wote kwa jumla ni 10,230. Yaani kundi la mwisho siku zote ni kubwa kuliko wote waliotangulia. Hata mwenye mchezo asiibe shilingi, ukianguka walioliwa ni wengi kuliko waliokula.

Wakubwa mnaikumbuka DECI hapa Tanzania. Watu "walipanda mbegu" wakasubiri "kuvuna", na waliowahi walivuna kweli, ndiyo maana foleni zilikuwa ndefu. Mwaka 2009 serikali ikaisimamisha, wengi wakabaki na mbegu ardhini. Mwaka 2013 mahakama ikawatia hatiani baadhi ya viongozi wake.

Mama mmoja akauliza, "Si sawa na mchezo wetu wa kila wiki?" Hapana. Kwenye mchezo wetu unatoa elfu kumi mara kumi, zamu yako unapokea laki moja. Hakuna anayeahidiwa zaidi ya alichochangia, kwa hiyo hatuhitaji mtu mpya kumlipa wa zamani.

Dalili za mwisho ni hizi: kutoa hela kunaanza kuchelewa, unaambiwa mfumo unaboreshwa, halafu unatakiwa ulipie ada au ulete watu ndipo utoe. Hapo wapya wameshapungua. Usitume hata mia.

Jamani, sisi wa mtandaoni ndio tunaowindwa, maana tuna magrupu ya wateja wanaotuamini. Ukiweka linki yako ya kualika pale, unayemla ni mteja wako mwenyewe. Akipigwa, hata vitenge vyako hanunui tena.

Kikundi kilipiga kura. Akiba imebaki. Dada naye ameomba ushauri jinsi ya kuwaambia wale watano aliowaingiza.