Majani ya magimbi, na yale yanayofanana nayo

Wiki iliyopita, baada ya sala ya Isha, jirani yetu mmoja alinijia akiwa na fungu la majani mabichi ndani ya kikapu. Nyumbani kwake walikuwa wamekula mboga ya majani ya magimbi kwa nazi, na kabla sahani hazijaisha, kila aliyekula alihisi koo likimchoma kama lililopitishwa upupu. Mtoto wa miaka minane alilia sana na mate yakamtoka kwa wingi. Mama wa nyumba aliamini kwamba wamelishwa sumu, na lawama zote zikamwangukia shemeji yake, aliyechuma majani yale kando ya kijito huko milimani na kuyaleta kama zawadi.

Tuliyamwaga majani yaliyobaki juu ya meza tukayachunguza moja baada ya jingine. Yalikuwa kumi na manne. Tuliyoyaona yanafaa kuelezwa kwa utaratibu, kwa sababu kosa la nyumba ile halikuwa pale walipolitafuta.

Alama ya kwanza tuliyoitazama ni mahali kikonyo kinapoungana na jani. Jani la gimbi, ambalo Kenya huitwa nduma, lina umbo la moyo, na katika ukingo wake wa juu lina mpasuko unaoligawa katika masikio mawili. Kikonyo hakishiki kwenye mpasuko huo. Hushika upande wa chini wa jani, ndani kidogo, kama mpini wa mwavuli. Ukiligeuza jani juu, mara nyingi utaona kidoa mahali hapo, cheupe au cha zambarau. Majani kumi na moja kati ya yale kumi na manne yalikuwa hivyo.

Alama ya pili ni maji. Tulidondosha matone machache juu ya kila jani. Juu ya jani la gimbi tone halitandai. Hujikusanya likawa kama shanga, likabingirika na kuanguka, na jani likabaki kavu. Majani yale kumi na moja yaliyakataa maji. Matatu yaliyosalia yalilowa, na maji yakatanda juu yake.

Matatu hayo yalikuwa yaking'aa kama yaliyopakwa mafuta, na kikonyo chake kilishika moja kwa moja penye mpasuko. Yalikuwa majani ya lile ua jeupe lenye umbo la faneli, lililozunguka kijiti cha manjano, ambalo hupandwa kwa mapambo katika sehemu za baridi na hupenda unyevu kama magimbi yanavyoupenda. Lisipokuwa na ua, mchumaji mwenye haraka hulipita bila kulitambua. Hilo si mboga hata likichemshwa kutwa nzima.

Hata hivyo, alama hizi zina mipaka yake. Kuna ua la bustanini lenye majani ya madoa mekundu, meupe au ya waridi, ambalo kikonyo chake nacho hushika ndani ya jani kama cha gimbi. Rangi zake ndizo zitakazokuonya. Kuna pia mmea mkubwa wa mapambo, majani yake yakielekeza ncha juu badala ya kuzilaza chini, na maji huweza kubingirika juu yake vilevile. Kwa upande mwingine, lipo gimbi la aina ya pili, lenye asili ya Amerika, linaloliwa, lakini kikonyo chake hushika kwenye mpasuko. Hilo tusilihukumu kwa jani peke yake. Achume yule aliyelipanda mwenyewe au aliyewahi kuchimba viazi vya shina lilelile na kuvila. Jani lililookotwa kijitoni, ambalo hakuna anayejua shina lake, liachwe.

Sasa turudi kwenye koo la mtoto. Nilimwuliza mama kama katika mboga iliyopikwa kulikuwa na majani yale yanayong'aa. Akasema aliyaweka kando kwa kuwa yalionekana magumu, akapika yaliyo laini tu. Basi waliyoyala yalikuwa majani halali ya magimbi. Nikamwuliza yalikaa motoni kwa muda gani. Akajibu kwamba aliyapika kama mchicha, dakika kumi hivi, kisha akatia tui.

Hapo ndipo lilipo jambo lenyewe. Gimbi lenyewe, jani na kiazi, huwasha likiwa bichi. Ndani yake mna vijisindano vya madini ya kalsiamu oksaleti, vidogo visivyoonekana kwa macho, vilivyofungwa pamoja kama mafungu ya sindano ndani ya chembe za mmea. Ukilitafuna, chembe hupasuka na sindano huchoma ulimi, midomo na koo. Pamoja nazo zimo protini ambazo hupenya katika majeraha hayo madogo na kuzidisha muwasho na uvimbe. Moto hauyeyushi sindano. Huziharibu zile protini, na ndiyo maana gimbi lililoiva haliwashi. Kwa hiyo muwasho hautenganishi gimbi na mmea mbaya, kwa sababu yote mawili huwasha yakiwa mabichi. Asijaribu mtu kuonja ili kupambanua.

Majani ya magimbi hayapikwi kama mchicha. Ondoa vikonyo na mshipa mnene wa katikati, yachemshe katika maji mengi, uyamwage maji hayo, kisha uendelee kupika kwa maji mapya mpaka jumla ya muda ifikie dakika arobaini na tano au zaidi. Tui litiwe mwishoni. Maji ya kwanza yanapomwagwa huondoka na sehemu ya oksaleti inayoyeyuka, jambo linalomfaa hasa mwenye historia ya mawe kwenye figo. Kiazi nacho kichemshwe mpaka kisu kipenye katikati bila kukwama. Wakati wa kumenya, mikono iwe mikavu au ipakwe mafuta, kwani mkono uliolowa huwashwa zaidi. Au kichemshe na maganda yake, umenye baadaye. Ukionja chakula ukahisi muwasho hata kidogo, usikiandae mezani, kirudishe motoni.

Mtoto akitafuna kibichi, mwondolee mabaki kinywani kwa kitambaa, asukutue, kisha anywe maziwa baridi au maji kidogo kidogo. Asilazimishwe kutapika, maana sindano zitapita kooni mara ya pili. Mara nyingi maumivu hupungua baada ya saa chache. Lakini ulimi ukivimba, sauti ikikauka, akishindwa kumeza au akipumua kwa shida, apelekwe hospitali papo hapo, na jani lile lichukuliwe pamoja naye.

Mtoto wa jirani yetu alilala salama usiku ule. Kesho yake majani kumi na moja yalichemshwa kwa takriban saa nzima, yakaliwa, na hakuna aliyewashwa. Matatu yalitupwa. Shemeji alipigiwa simu akaombwa radhi kwa lawama ya sumu, kisha akaombwa pia, kwa upole, asichume tena penye maua meupe.