Mlizamu Usiotuamisha Maji

Wasomaji wetu wengi wamekwisha kuweka tangi au kufufua birika la zamani uani, kwa kuchoka kununua madumu ya maji ya mkokoteni kila mabomba yanapokauka. Malalamiko yanayotufikia sasa ni mengine: mvua inanyesha usiku kucha, paa linavuma kama ngoma, na asubuhi tangi halijafika hata robo. Mara nyingi kasoro haiko kwenye tangi wala kwenye paa. Iko kwenye mlizamu, yaani ule mfereji wa ukingoni mwa paa ambao mafundi wetu huuita gata, na hasa katika mteremko wake na vishikizo vinavyoubeba.

Tuitazame nyumba moja ya mabati iliyoko Likoni. Upande wa nyuma paa lina urefu wa mita 10, na kutoka kilele hadi ukingo, ukipima chini ardhini, ni mita 5. Hizo ni mita 50 za mraba. Kila milimita moja ya mvua juu ya paa hilo ni lita 50, na hata tukitoa zile zinazorukia nje na kukauka juu ya bati, lita 40 zinabaki. Mvua ya wastani ya milimita 20 ingeleta kiasi cha lita 800 kutoka upande mmoja tu wa paa. Mwenye nyumba alikuwa akipata madumu machache tu.

Mlizamu wake ulikuwa wa plastiki, wa nusu duara, upana wa inchi 5, na kwa paa la ukubwa huo unatosha. Fundi aliupigilia sambamba na ubao wa ukingo wa paa, akaona umenyooka, akaondoka. Lakini ubao wenyewe ulikuwa umeinama kuelekea upande usio na tangi, kama ilivyo katika nyumba nyingi zilizokaa miaka. Tena aliweka kishikizo kimoja kila baada ya mita moja na nusu. Mlizamu wa upana huo ukijaa hubeba takriban lita 6 kwa kila mita, yaani kilo 6, hivyo kila kishikizo kilitwishwa kilo 9. Jua la mchana hulainisha plastiki, nayo ikabonyea katikati ya vishikizo. Maji yakatuama katika mabonde hayo, na yaliyosalia yakamwagikia ukutani.

Maji yaliyotuama si hasara ya maji pekee. Mbu wanaoeneza chikungunya na homa ya dengi hupenda kutaga katika maji yaliyosimama karibu na watu, na Lamu ya mwaka 2004 pamoja na Mombasa zimekwisha kuonja maradhi ya chikungunya.

Mteremko unaofaa ni kati ya nusu sentimita na sentimita moja kwa kila mita ya urefu. Katika nyumba yetu ya mita 10 hiyo ni tofauti ya sentimita 5 hadi 10 baina ya ncha mbili. Mtu anaweza kudhani mteremko mkali ndio bora, lakini ncha ya chini ikishuka sentimita 10 inakuwa mbali na ukingo wa bati, na upepo wa kusi, ambao ndio huja na mvua za masika, huyapeperusha maji kabla hayajatua ndani. Kwa hiyo tulichagua sentimita 5. Kama paa lako ni refu zaidi, afadhali bomba la kuteremshia lishuke katikati na mlizamu uteremke kutoka pande zote mbili.

Namna ya kupata hizo sentimita 5 ni rahisi, na haihitaji kuuamini ubao. Chukua mpira wa maji unaoonyesha ndani, mrefu kuliko nyumba, ujaze maji hadi mapovu yote yatoke. Mtu mmoja ashike ncha yake kwenye pembe ya juu ya mlizamu, mwingine kwenye pembe ya upande wa tangi. Maji yakitulia, pande zote mbili yatakuwa katika usawa mmoja; piga alama mahali hapo kote kuwili. Kisha, upande wa tangi, pima sentimita 5 chini ya alama na upige alama mpya. Funga kishikizo cha kwanza kwenye alama ya juu na cha mwisho kwenye alama mpya, vuta uzi baina yao mpaka ukaze, na vyote vya katikati viuguse uzi huo bila kuusukuma.

Umbali baina ya vishikizo usizidi sentimita 60. Kwa mita 10 vilihitajika 18. Mwenye nyumba alishtuka kusikia idadi hiyo, kwa kuwa vya awali vilikuwa vinane, lakini bei ya vishikizo ni ndogo ikilinganishwa na kuununua mlizamu mara mbili. Vifungwe kwa skrubu zisizoshika kutu, si kwa misumari ya kawaida, kwani hewa ya chumvi huila misumari hiyo upesi. Karibu na kila kiungo pawe na kishikizo, maana kiungo ndicho hulegea kwanza.

Viungo vya plastiki vina jambo moja ambalo mafundi wengi hulipuuza. Kipande cha mita 4 kikipigwa na jua hurefuka milimita 7 hivi kuliko kilivyokuwa alfajiri. Vipande vikibanwa vikigusana, hupinda au huuchomoa mpira wa kiungo. Kiungo cha kawaida kina alama ndani inayoonyesha kipande kiishie wapi; kiishie hapo. Bati halirefuki hivyo, lakini huoza kuanzia pale lilipokatwa, kwa hiyo ncha zilizokatwa zipakwe rangi kabla ya kupandishwa. Tena vipande vya bati vipandane kwa namna ya kwamba cha upande wa juu kilale ndani ya cha upande wa chini. Kinyume chake, maji hupenya kwenye mshono. Kwa nyumba zilizo ufukweni kabisa ningechagua plastiki ngumu. Kwa zilizo mbali na bahari, bati zuri lililopakwa rangi linavumilia jua zaidi.

Ukingo wa paa uingie ndani ya mlizamu kwa kiasi cha sentimita 4. Ukiingia zaidi hauachi nafasi ya mkono kusafishia majani. Ukipungukiwa, maji hurudi nyuma na kuozesha ubao. Bomba la kuteremshia liwe la inchi 3, na libanwe ukutani kila baada ya mita moja na nusu. Kila kipande cha juu kiingie ndani ya cha chini. Mdomo wa tangi ufunikwe wavu mwembamba usiopitisha mbu, na maji ya mvua ya kwanza baada ya kiangazi, yenye vumbi na kinyesi cha ndege, yaachwe yamwagike kwanza.

Kabla ya kumlipa fundi, mwambie amwage ndoo moja ya maji kwenye ncha ya juu ya mlizamu. Yote yafike kwenye bomba bila kudondoka njiani. Baada ya dakika chache apande ngazi na apitishe kitambaa kikavu ndani: unyevu hauna neno, lakini pakiwa na dimbwi, kishikizo cha hapo kipandishwe mpaka kiuguse uzi.