Kijani Si Mahali

Soma makala tano za safari zilizoandikwa kwa Kiswahili, kisha ufute majina ya mahali. Utabaki na makala moja. Hewa safi, mandhari ya kuvutia, utulivu wa aina yake, wenyeji wakarimu. Maneno hayohayo yanaisifu Lushoto, yanaisifu Pemba, yanaisifu Tukuyu, na kesho yatavuka mpaka yakaisifu Kericho bila kubadili hata nukta. Nasema waziwazi: huo si uandishi wa safari, ni utepetevu wa lugha. Na anayeumia ni msomaji, kwa sababu anatumia likizo yake na hela yake kwa kuamini kivumishi.

Watu wengi wanaotafuta pa kwenda hawana jina la mahali. Wana hali ya moyo tu. Wanasema, "nataka sehemu ya kijani, isiyo na haraka," basi. Mwandishi wetu anawajibu kwa orodha ya vivutio kumi. Jamani, nani aliuliza kivutio? Sisi tunaopenda fasihi tunajua la kufanya tukikutana na neno lisiloeleweka: tunalisoma upya, tunauliza limeficha nini. Sijui kwa nini ujuzi huo tunauacha mlangoni tukianza kufunga begi.

Tuanze na kijani. Neno lenyewe limetoka kwenye jani, lakini majani hayafanani. Milima ya Usambara peke yake ina kijani cha namna mbili, na ukizichanganya umepotea. Usambara Magharibi, kule Lushoto, kijani ni cha kutazama. Barabara inapanda kutoka Mombo, kilomita thelathini na kitu za kona, na ukifika juu unaona mabonde ya kabichi na karoti, migomba, miti ya kupandwa, kisha genge la mlima. Usambara Mashariki, kule Amani, kijani ni cha kuingia ndani. Ni msitu wa kweli, mnene, wenye giza na unyevu, na mara nyingi huoni zaidi ya hatua ishirini mbele yako. Pemba ina kijani cha tatu. Waarabu waliiita Al-Jazira al-Khadra, kisiwa cha kijani, lakini kijani chake ni cha kuishi: mikarafuu, mpunga mabondeni, nyumba za watu katikati.

Hizi ni hali tatu za moyo. Aliyechoshwa na kelele za watu atapona Amani. Aliyechoshwa na upweke atakonda hukohuko, Pemba ingemfaa zaidi. Aliyechoka kufungiwa na kuta anahitaji Lushoto, macho yake yapate umbali.

Halafu kuna hiyo "isiyo na haraka". Haraka ya nani? Hapa ndipo orodha za vivutio zinaponiudhi kabisa. Lushoto inauzwa kama mji uliosinzia, wakati malori ya mboga yanateremka kwenda Dar na wanawake wanapanda miteremko na mizigo kichwani. Wajerumani waliuita Wilhelmstal na wakaufanya mahali pa kuepukia joto la pwani. Waliopumzika hawakuwa waliolima. Baada yao Waingereza waliwalazimisha Washambaa kulima matuta kwenye miteremko ili kuzuia mmomonyoko, na watu wakayapinga kwa nguvu hadi mpango ule ukafa katika miaka ya 1950. Kwa hiyo yale mashamba unayoyaita mandhari ni kazi, na yamewahi kuwa ugomvi. Mwandishi anayeandika "maisha ya polepole" bila kutaja jembe anaazima macho ya wale waliokwenda huko kupunga upepo.

Polepole ni ya mgeni, na inatokana na jambo moja la kawaida sana: mara ngapi unahama. Kutoka Dar hadi Lushoto kwa basi, siku yako imekwenda. Kurudi, nyingine imekwenda. Mwenye siku nne amebakiwa na mbili. Akizitumia kwenda Mtae na kurudi, saa nyingi za barabara ya vumbi, na asubuhi yake akakimbilia maporomoko, atarudi amechoka kuliko alivyotoka, ingawa kila picha yake itakuwa ya kijani. Mtae ni pazuri mno, ila ni pa mwenye wiki nzima. Dalili ya kuwa umekosea ni rahisi kuiona: siku ya pili jioni bado unauliza gari litaondoka saa ngapi.

Jambo la tatu ni mwezi, na orodha zetu hazitaji mwezi kabisa, kana kwamba majani hayakauki. Baada ya masika, Usambara nzima inang'aa, lakini Juni na Julai Lushoto ina baridi na ukungu ambao unaweza kukufunika asubuhi yote. Kufikia Oktoba, kabla vuli haijakolea, miteremko mingi imegeuka kahawia na kijani kimebaki mabondeni kwenye maji ya mifereji. Msitu wa Amani haubadiliki hivyo, unabaki na majani mwaka mzima. Tatizo lake ni njia: kutoka Muheza kupanda juu usafiri ni haba, na mvua zikishika, utelezi unakuamulia ratiba.

Sasa tuone mfano. Rafiki yangu mmoja, mhariri wa vitabu pale Dar, aliniandikia mwezi wa kumi: "Kaka, nipeleke sehemu ya kijani, polepole. Nina siku nne. Sitaki kufikiri." Kwa kalenda, jibu lilikuwa Amani, maana Oktoba ndiko kijani kilipo. Nikamuuliza kwanza, umechoka na nini? Akasema, "Na karatasi. Miezi mitatu natazama kitu kilicho shubiri moja kutoka usoni."

Mtu wa namna hiyo ukimpeleka msituni umemwongezea ukuta. Kumbe aliposema kijani alimaanisha mbali. Nikamwambia aende Lushoto, apange chumba kimoja upande wa Irente, karibu na lile genge ambalo chini yake, karibu mita elfu moja, unaona Mazinde na nyika inayokwenda mpaka macho yachoke. Mtae aisahau. Atembee kwa miguu tu. Aliporudi aliniambia, "Ile nyika ilikuwa kavu, kahawia tupu. Nilikaa naitazama siku mbili."

Kahawia tupu! Hakuna orodha ya sehemu za kijani ambayo ingempeleka kutazama nyika kavu, na ndiyo aliyoihitaji.

Basi nawaambia wenzangu mnaoandika safari, na nyie wahariri mnaozipitisha: kabla ya kuandika "kijani", andikeni ni majani gani na mwezi gani. Kabla ya kuandika "polepole", tuambieni nani anafanya kazi hapo wakati mgeni amekaa, na mgeni atapoteza siku ngapi njiani. Na kila mahali mnapopasifu, mtaje mtu mmoja ambaye pasingemfaa. Makala isiyoweza kumkataza mtu yeyote kwenda mahali haijui mahali penyewe.