Mkuu wa kampuni asijikague mwenyewe

KALEMIE – Mkurugenzi akiwa pia mwenyekiti wa baraza la utawala, nani atamuuliza kuhusu kazi yake? Swali hilo linagusa Kalemie pia, kwa sababu Kongo ilijiunga na OHADA mwaka 2012, na kila kampuni yenye herufi SA nyuma ya jina lake inafuata sheria zake.

Kwa kampuni yenye baraza la utawala, kifungu cha 415 kinatoa njia mbili. Ya kwanza ni PDG: mtu mmoja anaongoza baraza na kuendesha kazi za kila siku. Ya pili ni watu wawili, yaani PCA kwenye baraza na DG kwenye kazi. Njia zote mbili ni halali, lakini ulinzi wake si sawa.

Tuseme kampuni ya mashua ina baraza la watu sita. PDG anataka kununua injini kwa muuzaji mmoja, bila kulinganisha bei. Yeye ndiye anayeita mkutano na kupanga ajenda, na makaratasi yanawafikia wenzake asubuhi ile ile. Watatu wanakubali, watatu wanakataa. Kura zikilingana, sauti ya mwenyekiti ndiyo inayoamua, isipokuwa kama katiba ya kampuni inasema vingine. Injini inanunuliwa. Mwenye kuomba ndiye aliyejikubalia.

Kukiwa na PCA, sauti hiyo inakuwa ya mtu ambaye hakuleta ombi. Tena sheria inamtaka ahakikishe baraza linakagua kazi ya DG, na anaweza kudai hati wakati wowote wa mwaka.

Benki ya Wells Fargo ya Marekani ilijifunza kwa hasara. Mwaka 2016 ilitozwa faini ya dola milioni 185 kwa akaunti ambazo wateja hawakuziomba. John Stumpf, aliyekuwa mwenyekiti na mkurugenzi mkuu kwa pamoja, aliondoka mwezi wa kumi. Benki ikagawa vyeo hivyo viwili, kisha ikaandika mgawanyo huo katika kanuni zake.

Lakini kugawa vyeo peke yake hakutoshi. PCA anaweza kuwa rafiki wa DG, au akaanza kuendesha kazi mwenyewe. Ndiyo maana baraza linapaswa kupimwa kila mwaka, na majibu yapokelewe na mjumbe asiye mfanyakazi wa kampuni, si na mkuu anayepimwa. Maswali matatu yanatosha kuanza: Makaratasi yalifika siku ngapi kabla ya mkutano? Nani alipanga ajenda? Mwaka huu, ni mara ngapi baraza lilikataa au kurekebisha ombi la mkurugenzi?

Kama jibu la swali la mwisho ni sifuri kwa miaka mitatu mfululizo, wenye hisa waombe kusoma kumbukumbu za mikutano kabla ya kupiga kura tena.