Bukavu: Mkataba ukiisha, siku za likizo hazifi

Katika ofisi nyingi za Bukavu, hasa zile za miradi ya misaada, wafanyakazi wengi wako kwenye kontra yenye tarehe ya mwisho. Mwaka ukielekea kuisha wanaomba likizo, ile wengine wanaita konje. Jibu linatoka haraka: «Siku unazoomba zinapita mwisho wa kontra yako. Ombi limekataliwa.» Mfanyakazi anarudi nyumbani akiamini amepoteza kila kitu. Hapo ndipo anapoibiwa.

Ofisi ina haki kwa jambo moja tu. Kontra ya muda maalum inaisha siku iliyoandikwa, na barua ya likizo haiwezi kuirefusha hata kwa siku moja. Baada ya tarehe hiyo hakuna likizo, kwa sababu hakuna tena kazi ya kupumzikia. Lakini kutoka hapo kusema kwamba siku zimekufa, huo ni uongo. Sheria ya Kazi ya Kongo, namba 015/2002 ya tarehe 16 Oktoba 2002, inampa mfanyakazi aliyepita miaka 18 angalau siku moja ya kazi kwa kila mwezi mzima alioutumikia. Haimruhusu hata yeye mwenyewe kuikana likizo yake. Siku ambazo hazikuchukuliwa mpaka kontra inaisha, zinalipwa kwa pesa.

Tuchukue mfano. Mama mmoja, familia yake ilikimbia Kalehe na sasa inapanga Kadutu, ana kontra ya miezi 18: kutoka tarehe 1 Julai 2024 mpaka 31 Desemba 2025. Hajapumzika hata mara moja. Ana siku 18. Anaandika: «Naomba likizo ya siku 18 kuanzia tarehe 22 Desemba.» Kosa liko hapo. Ukihesabu Jumatatu mpaka Jumamosi, na kutoa Noeli, kutoka tarehe 22 mpaka 31 kuna siku 8 tu za kazi. Siku 10 zinaangukia Januari, wakati yeye si mfanyakazi tena. Mkubwa anaona neno Januari, anakataa barua nzima, hata zile siku 8 zilizo halali.

Angeweza kuanza mapema, tarehe 10 Desemba, na siku zote 18 zingeingia ndani ya kontra. Lakini tarehe ya kuondoka inapatanwa na mwajiri, na ofisi inaweza kusema kazi ya kufunga mradi ni nyingi. Basi aombe mambo mawili katika barua moja, kila moja katika sentensi yake:

«Kontra yangu inaisha tarehe 31 Desemba 2025. Mpaka siku hiyo nitakuwa nimepata siku 18 za likizo, na sijachukua hata moja. Naomba kuchukua siku 8, kuanzia tarehe 22 mpaka tarehe 31 Desemba. Siku 10 zitakazobaki naomba zilipwe pamoja na hesabu yangu ya mwisho. Kama kontra mpya itasainiwa kabla ya tarehe hiyo, tutapatana kwa maandishi namna ya kuzichukua.»

Barua hiyo haina mlango wa kukataliwa yote. Mkubwa akikataa siku 8 kwa sababu ya kazi, nazo zinaingia kwenye malipo: zinakuwa 18. Kama mama analipwa dola 260 kwa mwezi, na mwezi ukihesabiwa siku 26 za kazi, siku moja ni dola 10. Siku 10 ni dola 100. Kwa familia inayopanga nyumba Kadutu, hizo si pesa za kuachia ofisi.

Kuna maneno ya kuepuka. Asiandike «nitarudi kazini Januari» kwa sababu bosi alimwambia mdomoni «utarudi tu». Ahadi ya mdomo si kontra. Asiandike pia «naacha kazi tarehe 22»; hiyo ni kujiondoa, na likizo si kujiondoa. Wala asikubali kuongeza sentensi kwamba hadai kitu tena.

Barua itolewe nakala mbili, na moja irudi na tarehe pamoja na sahihi ya aliyeipokea. Siku ya hesabu ya mwisho, mama atafute mstari wa likizo kabla ya kusaini. Kama haupo, aulizie. Wakimnyima, nakala hiyo ndiyo ataipeleka kwa mkaguzi wa kazi, anayejaribu kwanza kupatanisha pande mbili kabla ya kesi kufika mahakamani.

Ofisi zinazotetea haki za wengine mchana kutwa zinajua hesabu hii vizuri. Zinapojibu «ombi limekataliwa» na kunyamaza juu ya malipo, hazikosei kwa kutojua. Zinangoja mfanyakazi asiulize.