Kila malipo yapewe mstari wake

Nimekuwa mweka hazina wa kamati za harusi na matanga hapa Machakos. Kosa ninaloliona mara nyingi ni kufuta kiasi cha zamani na kuandika kipya. Jirani yetu aliahidi shilingi 5,000, akatuma 2,000 kwa M-Pesa, kisha akaleta 1,500 taslimu mkutanoni. Mwandishi akafuta 2,000 akaweka 1,500. Salio likasomeka 3,500 badala ya 1,500, na jirani akaaibika kwenye kundi la WhatsApp.

Andikeni kila malipo kwa mstari wake, pamoja na tarehe na nambari ya muamala. Pesa ya mchangiaji ikitoka kwa simu ya mkewe, andikeni majina yote mawili. Jumla isipolingana na taarifa ya M-Pesa pamoja na taslimu, msiwasomee watu madeni.